Cheko sio jibu: nilivyojifunza kumtania mtu ninayemuelewa

Mwaka 2016 kuna dada mmoja alinibloki wasap saa nne na nusu usiku, na meseji yake ya mwisho naikumbuka neno kwa neno, "kaka angu naomba tuheshimiane". Tulikuwa tunasoma wote kozi ya jioni maeneo ya Ubungo, tunakaa benchi moja, tukitoka tunatembea wote mpaka kituoni, na mimi nilikuwa namuelewa kweli. Na nilikuwa na uhakika na yeye ananielewa, kwa sababu kila nikimtupia neno alikuwa anacheka.

Usiku ule nilianza kwa kumwambia leo ulipendeza, akajibu hahaha asante kaka. Nikamwambia yani mpaka mwalimu alikuwa anapotea mstari, akajibu hahaha jamani. Nikamwambia mi mwenyewe sijaandika kitu maana nilikuwa naangalia shingo yako tu, akanitumia kale ka nyani kanakojiziba macho. Mimi hapo nikaona mambo yamejipa kabisa, nikabonyeza kile kipaza sauti nikamtumia voisi noti ya kama dakika moja, sauti ya chini, namwambia nimelala peke yangu na kibaridi hiki cha mwezi wa saba natamani angekuwepo pembeni yangu. Tiki mbili za bluu. Kimya. Nikasubiri kama nusu saa nikatuma alama mbili za kuuliza, ndo ikaja ile meseji, na picha yake ikapotea.

Darasani akahama benchi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba rafiki yake aliniambia baadaye kwamba yule dada mwanzoni alikuwa ananipenda, alikuwa anasubiri niongee kistaarabu, ila ile voisi noti ilimtisha, akajiuliza kama huyu mtu ameruka mpaka huku kwa wiki mbili tu, siku nikiwa naye sehemu peke yetu itakuwaje. Hilo swali nilikuja kulielewa taratibu, na nikilifikiria mpaka leo naona alikuwa na haki.

Nina dada yangu mkubwa, ana saluni Mwenge, mtu wa kuongea na wanawake kutwa nzima kwa miaka mingi. Nilimpelekea simu, nikamwambia soma uniambie nilikosea wapi. Alisoma chati yote kuanzia juu, hakucheka, akanirudishia simu akasema, "Nionyeshe sehemu ambayo yeye ameongeza kitu." Nikaanza kutafuta. Nikapanda juu, nikashuka, nikapanda tena. Hamna. Kila hatua ya kwenda juu nilikuwa nimepanda mimi, yeye alikuwa anacheka tu na kusema asante. Dada akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Ukimpa mtu utani akakupa cheko, hajakupa kitu, amekusitiri. Mtu anayekutaka hakuachi uongee peke yako, anakurudishia na nyongeza juu, kama mama wa nyanya sokoni."

Hili neno kusitiri ndo lilinifungua macho, maana sisi huku mtu kukukatalia usoni ni kazi ngumu sana, hasa kama mnaonana kila siku. Tumelelewa hivyo. Mtu hataki kukuaibisha, kwa hiyo anacheka, anasema jamani wewe, anasema haya bwana, anasema Mungu akipenda, anasema ntakwambia, na sisi tunaotaka kusikia ndio tunazihesabu zote kama ndio. Na lile neno kaka angu. Kwenye zile meseji aliniita kaka mara kibao na kila nilivyozidi ndivyo alivyozidi kuniita kaka, alikuwa anaweka uzio mbele yangu kwa adabu na mimi nauruka tu.

Basi nikaanza kuangalia watu kwa jicho jingine. Nyongeza inaonekana, ukishaijua huikosi. Umemtania kidogo, na yeye anakutania kwa kitu cha kwako, sio cheko tupu. Umeuliza swali, anajibu halafu anakuuliza na yeye. Umeandika mistari miwili, anaandika miwili au mitatu. Na kubwa kuliko zote, kuna siku anaanza yeye bila wewe kusema chochote. Mimi nikajiwekea utaratibu, nikishapanda ngazi moja nasimama, sipandi nyingine mpaka yeye afike pale nilipo, na afike mara mbili au tatu siku tofauti, sio mara moja tu, maana mara moja inaweza kuwa ni furaha ya siku hiyo au kabia kamoja. Na akirudisha kitu cha chini kuliko nilichompa, nashuka mpaka pale alipo yeye.

Utaratibu huu kwanza ulinionyesha pa kuacha. Mwaka 2018 kulikuwa na dada kwenye kwaya yetu, nikapanda ngazi moja tu ya utani mdogo, akacheka akaniita kaka. Wiki iliyofuata nikajaribu tena kwa upole, akacheka akaniita kaka. Nikaishia hapo. Sikununa wala sikubadilika, tukaendelea kuimba na kuchangishana hela za sare kama kawaida. Na huyo dada mwaka uliofuata alipopata mchumba aliniita niingie kwenye kamati ya harusi yake, na ndani ya hiyo kamati ndiko nilikokutana na mtu ninayetaka kumwelezea hapa.

Kikao cha kwanza kilikuwa Jumapili jioni, kwenye baa moja ya bustani Sinza, mnajua vile vikao, watu ishirini viti vya plastiki vimezungushwa, mwenyekiti anagonga chupa. Wakachagua viongozi, mimi nikawa katibu, mweka hazina akawekwa dada mmoja upande wa bibi harusi, ndugu yake wa karibu, mtu mtulivu ana daftari lake la jedwali ameshalipiga mistari kabla hata hajachaguliwa. Sitataja jina lake, nitamwita hivyo hivyo Mweka Hazina, na ndivyo nilivyomwita kwa miezi miwili na nusu.

Mimi ni Mpare, yeye Mchaga. Wanaojua watajua, pale kwenye kikao utani ulianza dakika ya kwanza, mara Mpare ameahidi mchango atalipa kwa mahakama, mara Mchaga ameshika hela, zihesabuni kabla hajaenda msalani. Na yeye alinitania, nami nikamtania. Lakini mimi hapo sikuhesabu kitu. Ule utani ni wa wote, wazee walikuwa wanataniana vilevile, mjomba wa miaka sitini alimwambia maneno makali kuliko yangu na wote wakacheka. Naona watu wengi wanaanguka hapa, mtu kataniwa kwa kabila lake akadhani kapendwa.

Ngazi ya kwanza niliipanda kwenye inboksi baada ya kikao cha pili. Alikuwa ametuma kwenye grupu orodha ya waliolipa na waliobakiza, imepangwa vizuri mpaka shilingi mia tano ya makato ya kutuma imeandikwa. Nikamwandikia pembeni, "Mweka Hazina hii orodha nimeisoma kama gazeti, sijawahi kuona kamati hela zake zimenyooka hivi." Nilichagua kusifia kazi yake, sio yeye. Ni kitu ambacho hata kama hanitaki kabisa anaweza kukipokea bila kujikunja. Akajibu baada ya dakika kama kumi: "Asante Katibu. Na wewe muhtasari wako unasomeka, wa harusi ya kaka yangu ulikuwa kama barua ya kudaiwa kodi. Hivi unafanya kazi gani?" Hebu iangalieni hiyo meseji. Amepokea, amerudisha sifa, ameweka utani wa kwake, na ameuliza swali ambalo kamati haihusiki nalo. Ile ndo nyongeza dada yangu alikuwa anasema.

Nikajibu swali, nikauliza la kwangu, sikupanda. Siku ya tatu nikamtania tena kuhusu kalamu zake za rangi tatu, akanijibu kwa utani wa kwake kuhusu shati langu la draft ambalo alisema amelihesabu vikao viwili mfululizo. Maana yake alikuwa ananiangalia. Nikasubiri na hiyo pia.

Kikao cha nne alikuja na gauni la kitenge cha kijani. Usiku nikamwandikia hiyo rangi ya kitenge imekukaa vizuri. Na hapa nisimame kidogo, kuna tofauti kubwa kati ya kusifia kitu mtu alichokichagua na kusifia mwili wake. Gauni, msuko, rangi ya kucha, hivyo amevichagua mwenyewe asubuhi, ukivisifia unasifia akili yake na yeye anaweza kujibu. Shingo hajaichagua. Ukimwambia shingo, hana cha kujibu zaidi ya kucheka au kujificha, na hapo hapo anajua ulikuwa unamwangalia kwa namna gani wakati yeye anafikiria mambo mengine. Mambo ya mwili yana wakati wake, ila ni juu kabisa kwenye ngazi na mlango anafungua yeye. Mweka Hazina akajibu "asante jamani", moyo ukanishuka nikajua ameishia hapo, nikaweka simu chini. Kesho yake mchana ikaingia picha, kitambaa kingine kiko mezani kwa fundi cherehani, "na hii je Katibu, niongeze mikono mirefu au ikae hivi?" Kwa hiyo kumbe jibu linaweza kuchelewa siku nzima. Kama ningeongeza neno usiku ule kwa wasiwasi, ningeifuta ile picha kabla haijatumwa.

Wiki iliyofuata nilichelewa kikao, akaniandikia inboksi, "Katibu wangu leo umetutupa." Wangu. Hakuwahi kuiweka. Mimi nikajibu, "nipo Shekilango kwenye foleni Mweka Hazina wangu, niwekee kiti." Nikarudisha neno lilelile, saizi ileile, sikugeuza kuwa mpenzi wala baby. Nilipofika kiti kilikuwepo, pembeni yake. Ila mbele za watu aliniita Katibu, kavu kabisa, na kwenye grupu vilevile, na mimi nikamfuata hivyo hivyo. Kile anachokupa mtu pembeni amekupa wewe, hajakupa ukumbini. Nilishaona kwenye kamati hiyo hiyo kijana mmoja alikuwa anachati vizuri na binti fulani, siku moja akamwita my love kwenye grupu la watu hamsini wakiwemo mama zake wadogo, binti akatoka kwenye grupu na hakurudi.

Na nigusie na hili maana lilitokea palepale. Mhudumu wa ile baa alikuwa anatuita wote mpenzi, baby, mume wangu, anakuwekea mkono begani akichukua oda. Mjumbe mmoja akapanda nae ngazi haraka haraka, kikao cha tano akamshika kiuno, yule dada akaganda, tabasamu limebaki usoni ila macho yamebadilika kabisa. Mwenyekiti akamtoa nje yule jamaa wakaongea. Mtu aliyeko kazini anayehitaji tip yako, au mwanafunzi wa field anayesubiri sahihi yako, au mpangaji wako, huyo huwezi kusoma kama anarudisha, kwa sababu hana uhuru wa kutorudisha. Kuchangamka ni sehemu ya kibarua chake. Kwa watu wa hivyo mimi sipandi hata ngazi moja, nabaki kwenye salamu na asante.

Turudi kwa Mweka Hazina. Kikao cha sita hakuja. Usiku nikamwandikia, "leo kikao kilikuwa hakina ladha, hukuwepo." Hiyo kwangu ilikuwa ngazi mpya, ya kumwambia kwamba kutokuwepo kwake kunanigusa. Akajibu, "Haya. Nilikuwa na mgonjwa nyumbani. Ripoti ya hela nitaituma kesho." Hamna Katibu wangu, hamna swali, hamna utani. Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Na ule mkono wangu wa 2016 ukawa unataka kuandika, mbona umebadilika, nimekukosea nini, mbona jana ulikuwa poa. Niliandika nikafuta, niliandika nikafuta.

Nikampigia dada yangu, akaniuliza swali moja, "Yeye yuko wapi sasa hivi?" Nikamwambia yuko kwenye mgonjwa na ripoti. "Basi na wewe nenda hapo." Nikamwandikia, "pole sana, mgonjwa anaendeleaje? Ripoti isikupe presha, nitawaambia tumeahirisha mpaka Alhamisi." Akasema ahsante sana. Na kwa siku kama kumi nikakaa pale pale, kumuuliza hali ya mgonjwa kila baada ya siku mbili, mambo ya kamati, basi.

Zile siku kumi zilikuwa ngumu kuliko kupanda. Kwa sababu huwezi kujua. Mtu aliyeshuka kwa sababu amechoka na mtu aliyeshuka kwa sababu hataki, siku ya kwanza wanaonekana sawasawa, meseji zao zinafanana kabisa. Nilihangaika sana kutafuta namna ya kuwatofautisha mpaka nikaona haina haja, maana cha kufanya ni kilekile kwa wote wawili. Unashuka bila kelele. Aliyechoka atapanda mwenyewe akipumzika, asiyetaka atabaki chini, na wewe kwa wote hujaharibu kitu. Anayelalamika mbona umebadilika anamfanya mtu ajitetee wakati ana mgonjwa kitandani, na kama alikuwa hataki basi sasa anamwogopa kabisa.

Siku ya kumi na moja hivi, saa mbili usiku, ikaingia meseji: "Katibu siku hizi umekuwa siriasi sana, au nimekukosea? Mama ametoka hospitali leo." Nilikaa nayo muda kidogo ile meseji. Kapanda yeye. Na nilipomwambia nilikuwa namwachia nafasi amuuguze mama kwa amani, akaandika kitu kirefu kuliko vyote alivyowahi kuniandikia, kuhusu usiku wa kulala kwenye benchi la wodini, kuhusu kaka zake, kuhusu uchumba wake uliovunjika mwaka jana yake. Akasema wanaume wengi ukiwapunguzia kidogo tu wananuna. Hapo nikaelewa kwamba kushuka kwangu alikuwa amekuona na alikuwa amekupima.

Kumwalika sikuharakisha. Tulitakiwa mimi na yeye twende kulipa edivansi ya ukumbi Kinondoni, nikamuuliza, "Jumapili tukimaliza ukumbi, tupite Coco tule mihogo nusu saa, kisha nakusindikiza kituoni?" Mchana kweupe, sehemu ya watu, muda unajulikana unaisha lini, na ni njia ambayo ana sababu ya kutoka nayo nyumbani. Mwaliko ukiwa mdogo hivyo mtu anaweza kuukataa bila uzito, na ndo maana akiukubali una maana. Sikumtumia nauli. Najua wengi mtabisha, na kama mtu amekuomba hiyo ni habari nyingine, ila mimi niliona nikitanguliza hela sitajua tena kama amekuja kwa ajili yangu au kwa kuona aibu ya kula nauli ya mtu. Akajibu, "Jumapili nina jumuiya. Jumamosi je? Ukumbi wako wazi mpaka saa kumi, nimewapigia." Hapa pia pana kitu cha kuangalia. Anayesema siwezi akanyamaza, amekuambia kitu. Anayesema siwezi leo ila siku fulani, huyo anakuja kukutana na wewe katikati.

Jumamosi pale Coco nikafanya kosa, na nilikuwa najiona nimeshajua. Kwenye simu tulikuwa tumeshafika mbali, wangu na wangu, mambo ya mama, mambo ya usiku. Kwa hiyo nilipokaa nikaanza palepale tulipoishia kwenye simu, nikamwambia unajua nimekuota jana. Akaangalia baharini. Akavuta pochi yake akaiweka mapajani, akashika simu. Dakika ile ile nikaona. Yule tuliyekuwa tunachati wa kwenye simu yuko kitandani kwao na kanga yake, amejifungia, anaweza kuzima data muda wowote. Huyu wa hapa yuko kwenye kiti, watu wanapita, mwanaume ameinama mbele yake. Ngazi za kwenye simu hazihamii ana kwa ana, unaanza chini tena, labda sio chini kabisa ila ngazi mbili tatu chini.

Nikarudi nyuma kwenye kiti, nikamuuliza kama anaona yule mwenye ukumbi alitupiga kwenye bei ya viti. Akacheka akasema alitupiga na kwenye jenereta. Tukaongelea harusi, MC, keki, yule shangazi aliyeahidi laki tatu akatoa elfu ishirini. Mihogo ikaja, ya kukaanga, pilipili na kachumbari. Baada ya kama robo saa ile pochi ikarudi mezani. Kiti chake kikawa kimegeukia kwangu, magoti yametazama huku, mwanzoni yalikuwa yametazama barabarani. Akachukua kipande cha muhogo kwenye sahani yangu bila kuomba. Nikasema kitu kuhusu Wachaga, akanipiga begani kwa kiganja.

Alinigusa yeye. Na sikumshika mkono wala kiuno wala kusogeza kiti. Kugusana kuna ngazi zake peke yake, hazihusiani na maneno, mtu anaweza kuwa juu kabisa kwenye maneno na bado kwenye kugusana yuko chini kabisa na anataka abaki huko. Wakati wa kuondoka tulivuka Barabara ya Toure, magari Jumamosi jioni hayaishi, nikanyoosha mkono, sikumshika, niliunyoosha tu ukae hewani. Akaushika, tukavuka, tulipofika ng'ambo akauachia. Nami nikauachia palepale, sikung'ang'ania hata sekunde. Kituoni akapanda daladala, alipofika kwao akaandika, "nimefika Katibu wangu. Asante kwa mihogo. Na kwa barabara."

Tulitoka tena mara mbili kabla ya harusi. Mara ya pili tulivuka barabara na ng'ambo hakuuachia mkono, tukatembea hivyo mpaka kituoni.

Hata hivyo kuna mahali utaratibu huu unaishia, na mimi nilitaka kujificha ndani yake, niendelee tu kupanda kidogo kidogo bila kusema. Mtu akikurudishia utani anakwambia anafurahia utani na wewe. Hakwambii anataka nini na maisha yake. Wengine wanaupenda mchezo wenyewe na wanao watu wao nyumbani, na hawajakudanganya, hujauliza. Kwa hiyo wiki moja kabla ya harusi nilimwambia kwa mdomo, tumekaa kwenye kibaraza cha kanisa baada ya mazoezi ya maharusi, kwamba mimi nakuelewa, sio kwa utani, na ningependa tuwe pamoja, na kama hapana niambie hapana na daftari la kamati litaendelea vilevile. Alinyamaza. Akasema ananipenda ila ule uchumba uliovunjika bado haujamtoka, na hataki kuanza kitu katikati ya harusi ya ndugu yake ambayo kila siku anaulizwa na yeye lini. "Nipe muda, usinisukume." Nikamwambia sawa. Na nikakaa kwenye sawa, yani nilivyoshuka wakati wa mgonjwa ndivyo nilivyoshuka na hapo, Mweka Hazina, salamu, hesabu, habari za mama.

Harusi ikapita, ilikuwa nzuri, hela zilitosha na zikabaki. Wiki mbili baadaye tukafanya kikao cha kuvunja kamati, palepale Sinza, mbuzi wa kuchoma, wote tumevaa zile fulana. Yeye akasimama akasoma hesabu za mwisho mpaka shilingi ya mwisho, imebaki elfu sitini na nne na mia tano, watu wakapiga makofi, mwenyekiti akatamka kwamba kamati imevunjwa rasmi kuanzia dakika hiyo. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa duara, nafunga daftari la mihtasari. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Sasa wewe sio Katibu tena. Nikuiteje?"

Nikainua macho, alikuwa anakata nyama, haniangalii. Nikamwandikia lile jina ambalo mama na dada yangu peke yao ndio wananiita, nikaweka simu juu ya meza nikasubiri.